Bernice Anakula Senti Sabini na Tano

Jumanne, tarehe 14 Januari 2014. Theluji ilianza kuanguka kabla ya mapambazuko, nyepesi kama unga unaopepetwa, na kufikia saa nane mchana upepo wa ghubani ulikuwa umeifunika njia yote ya kuingilia Nyumba ya Odilia. Kipimajoto cha dirishani kilionyesha nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Wajumbe wote saba wa bodi walifika, kwa sababu katika kijiji chetu mtu asiyefika kikaoni kwa ajili ya theluji huzungumzwa hadi majira ya kuchipua.

Kumbukumbu za kikao kile zinasema tu kwamba bajeti ya kampeni ilijadiliwa na kupitishwa pamoja na marekebisho. Niliziandika mimi na hazina uongo, ila ng'ombe nimewaacha nje.

Nyumba ya Odilia ina vitanda vinne. Anayelazwa pale ni mtu ambaye madaktari wamemaliza kazi yao kwake, na kinachobaki ni kumweka safi, bila maumivu, na asife peke yake. Mchana kuna wa kuwalipa wauguzi. Usiku hakuna, na wauguzi wa usiku wanalipwa kwa michango. Mwaka ule zilihitajika dola laki moja na elfu arobaini, baada ya kutoa gharama zote za kuzitafuta. Mwaka uliotangulia zilibaki laki moja na elfu ishirini na saba na ushee, na tofauti yake ilizibwa na akiba, ikaishia hapohapo.

Aliyekuwa akizitafuta ni Darlene Delveaux, mjane wa miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye mashavu mekundu na uso wa mtu ambaye sasa hivi tu ameficha kitu nyuma ya mgongo. Kabla ya kazi hii alikuwa mpima maziwa kwa miaka ishirini na miwili. Kila mwezi alikuwa akipita shamba kwa shamba, alfajiri na jioni, anapima maziwa ya kila ng'ombe, anachukua chupa ndogo ya kupeleka maabara, anauliza lishe, anajaza fomu. Kwa hiyo aliwajua ng'ombe wote wa wilaya kwa majina, na wenye ng'ombe aliwajua zaidi ya walivyopenda. Alijua ni nani aliyemwongezea ng'ombe pumba siku ya kupimwa tu. Kuna mzee mmoja aliyefanya hivyo miaka mitatu mfululizo, mpaka Darlene alipoanza kumtokea bila taarifa, saa kumi na moja za alfajiri, amebeba keki. "Nimepita tu kukusalimia," anasema, huku mkono mmoja umeshashika ndoo ya kupimia.

Mumewe, Roland, alifia katika kitanda cha tatu cha Nyumba ya Odilia mwaka 2006. Darlene hakuwahi kuzungumzia hilo vikaoni. Nilichoona ni kwamba mwaka uliofuata aliacha maziwa, akaomba kazi ya nusu siku ya kutafuta michango, na mwezi wa kwanza tu akaweka fomu kwenye ukuta wa ofisi na kuanza kuandika kila saa aliyoitumia na kazi gani imeila.

Sasa, mweka hazina wetu alikuwa Gordy Vandertie, meneja mstaafu wa kiwanda cha jibini. Gordy huandika hesabu nyuma ya bahasha zilizokwisha tumika, na ukimpa karatasi safi anaikunja na kuiweka mfukoni kwa ajili ya baadaye. Wiki moja kabla ya kikao alimpelekea kila mjumbe bahasha yake. Hoja yake ilikuwa fupi. Saa za Darlene za kutafuta michango zilikuwa zimegharimu, pamoja na kodi na bima, dola elfu ishirini na nne na mia nane. Buya ya Septemba ilikuwa imeleta elfu ishirini na tatu na mia sita, nayo, kwa vitabu vyake, iligharimu mia tisa tu. Basi: Darlene aondolewe mwisho wa mwezi, na buya ipikwe mara mbili kwa mwaka, Septemba na Mei. Chini kabisa ameandika: "Faida 47,500. Na watu wanashiba."

Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kuelezwa buya. Ni ule mchuzi mzito wa kuku, mikia ya ng'ombe, kabichi, karoti na vitunguu, unaopikwa nje kwenye masufuria ya chuma yanayoweza kumlaza mtu ndani, ukikorogwa kwa makasia ya mbao tangu usiku wa Jumamosi mpaka misa ya Jumapili itoke. Na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba mpishi mkuu wa buya ya Odilia kwa miaka thelathini na moja alikuwa Norb Jadin, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa bodi, ambaye pia ni ndugu wa mama yake Darlene.

Kwa hiyo Darlene aliingia kikaoni akiwa na jambo moja la kuokoa, nalo ni kazi yake. Kuiokoa kulimaanisha kumwambia mjomba wake, mbele ya watu sita, kwamba sufuria lake linakula hela.

Saa tisa kamili Norb aligonga meza. "Ajenda ya kwanza, bajeti ya kampeni, halafu hoja ya Gordy. Darlene, una lako?"

"Ninalo, Mjomba. Lakini kwanza naomba msaada wenu. Nina kundi la ng'ombe watano hapa. Mwenye kundi ana tatizo la lishe, anataka kujua amtoe nani. Nyinyi ni wafugaji, mimi siku hizi nimesahausahau."

Alisema "nimesahausahau" huku akigawa fomu zilezile za zamani za mpima maziwa, zenye mistari ya kijani. Niliona mabega ya wazee yakilegea. Kuna mjumbe ambaye hakuwahi kusoma karatasi yoyote ya bodi mpaka mwisho, lakini ile aliitolea miwani.

Fomu ilikuwa na majina matano: Trixie, Dolly, Lulu, Pearl na Bernice. Kila mmoja ameandikiwa maziwa aliyotoa mwaka mzima, yakiwa yamegeuzwa kuwa dola, kisha lishe aliyokula, kwa dola vilevile, na safu ya mwisho: kila dola moja ya maziwa imekula lishe ya senti ngapi.

"Huyu Trixie anakula senti kumi kwa dola?" Gordy aliuliza. "Darlene, huyu ni ng'ombe au ni kisima? Anakula hewa?"

"Anakula kidogo, lakini anataka kukamuliwa na mtu yuleyule kila siku. Ukimpelekea mgeni anapiga teke."

"Niambie ni wa nani nikauze trekta leo."

"Ni wa hapahapa kijijini."

"Muongo wewe."

Dolly alikula senti kumi na nane. Lulu alikula ishirini, na Darlene akaeleza kwamba Lulu ni mzuri ila hana uhakika, mwaka mwingine anatoa ndoo tele na mwaka mwingine hashiki mimba kabisa. Wazee walitikisa vichwa. Kila mmoja aliwahi kuwa na Lulu wake.

Walipofika kwa Pearl, kelele zilianza. Pearl alikula dola moja na senti thelathini na tatu kwa kila dola ya maziwa.

"Huyu akachinjwe," alisema Verna Massart, aliyekuwa mkuu wa posta na ambaye mumewe alifuga ng'ombe sitini. "Unamlipa akunywie maziwa!"

"Ngoja kwanza, Verna," Norb alisema. "Ana umri gani huyu Pearl?"

"Ni mtamba, Mjomba. Ndiyo kwanza uzao wa kwanza."

"Ah! Basi mwache." Norb aliweka kidole chake kinene juu ya karatasi. "Mtamba huwezi kumhesabia hivyo. Mtamba unamlisha miaka miwili hakupi hata kikombe. Unamlisha kwa ajili ya uzao wa tatu, wa nne. Mwandike pembeni, usimchanganye na wakubwa. Nani alikufundisha kupima, wewe?"

"Wewe, Mjomba," alisema Darlene, akiwa ameinamisha macho kama mtoto wa komunyo.

"Sasa, huyu Bernice ana umri gani?"

"Bernice ni mkubwa. Miaka mingi sana."

"Na anakula senti sabini na tano?"

"Sabini na tano. Maziwa ya dola ishirini na tatu elfu na mia sita, lishe ya kumi na saba elfu na mia saba. Lakini mzuri wa sura, Mjomba. Ukimpeleka kwenye maonyesho anarudi na utepe. Kila mtu anampenda."

Norb aliangua kicheko. "Utepe! Utepe haujazi ndoo. Namjua mfugaji wa aina hiyo. Anamweka ng'ombe kwa sababu ya picha iliyoko sebuleni. Mtoe! Na huyo mwenye kundi mwambie Norb Jadin kasema ni mjinga."

"Nitamwambia," alisema Darlene. "Bodi nzima inakubaliana? Naomba mikono, niwe na uhakika."

Mikono sita ilipanda. Wa saba ulikuwa wa Norb, nao ulitangulia yote.

Darlene aliandika hesabu ile kwenye daftari lake taratibu, akapiga mstari chini yake kwa rula. Kisha akagawa karatasi ya pili. Ilikuwa fomu ileile na tarakimu zilezile, ila mahali pa majina ya ng'ombe palikuwa pameandikwa kazi zetu. Trixie ni kuwatembelea majumbani watu wanaoweza kutoa kiasi kikubwa: dola elfu themanini kutoka nyumba kumi na sita, kwa gharama ya elfu nane. Dolly ni barua kwa waliokwisha wahi kutuchangia. Lulu ni maombi kwa mifuko ya misaada. Pearl ni barua elfu nne kwa wageni, kwa majina ya kununua, ambazo zilileta wachangiaji wapya sitini na hasara ya dola elfu moja na mia moja, yaani tulimnunua kila mgeni kwa dola kumi na nane na ushee.

Bernice alikuwa buya.

Masikio ya Norb ndiyo yaliyoanza kuwa mekundu.

"Umenichinjisha ng'ombe wangu mwenyewe," alisema.

"Mjomba, mimi nilishika karatasi tu."

"Mia tisa!" Gordy alikuwa amesimama. "Vitabu vinasema buya iligharimu dola mia tisa! Hiyo kumi na saba elfu umeitoa wapi, mfukoni mwa nani?"

"Mia tisa ni zawadi za bahati nasibu, Gordy. Ndizo pekee ulizoandika kwenye mstari wa buya. Kuku, mikia na mboga, elfu nne na mia tatu, zimo kwenye mstari wa jikoni, kana kwamba wagonjwa wanne walizila. Hema na meza ziko kwenye ukarabati. Lori la barafu liko kwenye usafiri. Bima na kibali vimo ofisini. Kuni za mwaloni sikuziona popote mpaka nilipozikuta kwenye bustani."

"Kuni ziko kwenye bustani," Gordy alisema kwa sauti ndogo, "kwa sababu ni miti."

Verna alilazimika kutoka kwenda kunywa maji.

"Jumla elfu kumi na mia moja," Darlene aliendelea. "Na saa zangu. Buya imekula saa mia moja na tisini za kwangu: kibali cha afya, mabango, kutafuta bendi ya polka, kupanga zamu za makasia, kuwapatanisha waliogombea zamu za makasia. Kwa dola arobaini saa moja, hiyo ni elfu saba na mia sita. Ukinifukuza, Gordy, saa hizo hazifukuziki. Atazifanya mtu. Na ukipika mara mbili, utazipata mara mbili. Buya ya pili inakuletea elfu tano na mia tisa kama watu watakuja mara ya pili na njaa ileile. Ukishanifukuza mimi, Trixie hana wa kumkamua. Mama mwenye shamba la cheri, mmojawapo wa wale kumi na sita, hatatoa dola elfu tano kwa kutumiwa bahasha."

Gordy aliitazama bahasha yake kama mtu aliyeuziwa farasi kilema. Lakini Gordy si mtu wa kukaa kabla hajaangusha angalau kiti. "Basi na wewe saa zako ni ghali kuliko kuku," alisema.

"Ni kweli. Ndiyo maana nataka tuzipeleke zinakolipa."

Mpaka hapo nilidhani ameshinda. Hoja ya Gordy ilikuwa imekufa bila kupigiwa kura. Lakini Norb alikuwa bado hajasema neno tangu aliposema lile la kuchinjishwa, na Norb akinyamaza hivyo, watu wa kwetu huhamisha glasi mbali na ukingo wa meza. Alikuwa akiisoma karatasi ya pili kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Darlene," alisema mwishowe. "Pearl umemwandika mtamba."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa sababu analeta watu wapya."

"Ndiyo."

"Na Bernice watu wapya aliowaleta umewaandika wapi?"

Darlene alipitisha penseli kwenye mstari wa buya, akaiweka mezani.

"Sikuwaandika," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatuna majina yao. Watu wanakuja, wanalipa, wanaondoka na mchuzi. Hakuna anayemwandika mtu. Nisichokipima siwezi kukikadiria, Mjomba, wewe mwenyewe—"

"Nani kasema hakuna majina?" Norb aliegemea nyuma, kiti kikalia. "Masufuria ya watu yanakaa wapi usiku wa kuamkia Jumapili?"

Kila mtu pale alijua. Wenye kutaka mchuzi wa kubeba nyumbani huacha masufuria yao Jumamosi kwenye banda la Norb, yajazwe asubuhi. Kila kifuniko hubandikwa kipande cha utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, chenye jina la mtu, mwaka, lita anazotaka, na namba ya simu, maana kila mwaka kuna anayesahau sufuria akapigiwa. Mwenyewe akija kuchukua, utepe unang'olewa kwenye kifuniko na kubandikwa ukutani, ili wajue nani ameshachukua.

"Na halafu mnaubandua," Darlene alisema.

"Nani aubandue? Una kazi ya kufanya na ukuta? Unabandika mwingine pembeni. Umeenea mpaka darini."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipojenga banda jipya. Tisini na nane."

Darlene alifunika uso kwa mikono miwili. Nilifikiri analia, kisha nikaona mabega. Alikuwa akicheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa na ndoo mkononi. "Miaka saba," alisema, "miaka saba natafuta majina, mpaka nikanunua elfu nne ya watu wa mijini, na majina yetu yako kwenye ukuta wa mjomba wangu."

"Hukuuliza," alisema Norb. Masikio yalianza kurudia rangi yake.

"Lakini sikiliza, Mjomba, usianze kupika bado." Alijifuta macho. "Kuwa na sufuria ukutani si ushahidi kwamba buya ndiyo iliyomleta mtu. Kila mtu wa wilaya hii amekula buya, hata askofu. Yule aliyekuwa kwenye orodha yetu ya barua tangu zamani, huyo si ndama wa Bernice. Nitamhesabia Bernice yule tu ambaye jina lake lilikuwa ukutani kabla ya kuwa kwenye vitabu. Na asiyekuwa kwenye vitabu mpaka leo, huyo nitamwandikia barua, na tutaona."

"Hiyo ni haki," Norb alisema. "Ngumu, lakini haki."

"Na senti sabini na tano zinabaki sabini na tano mpaka nithibitishe."

"Hee! Mama yako alikuwa hivihivi."

Kilichofuata ndicho kilichoingia kwenye kumbukumbu kama marekebisho. Darlene alipendekeza buya ibaki, mara moja kwa mwaka, ila saa mia moja na hamsini kati ya mia moja na tisini alizokuwa akiitumikia zichukuliwe na watu wa kujitolea. Gharama ya buya ingeshuka hadi dola elfu kumi na moja na mia saba, karibu senti hamsini kwa dola. Saa zilizookolewa angezipeleka kwenye kutembelea watu. Verna alipiga hesabu haraka: saa mia moja na themanini zilileta elfu themanini, basi mia na hamsini zaidi zingeleta elfu sitini na sita na ushee!

"Hapana," Darlene alisema. "Zile nyumba kumi na sita ndizo zilizokuwa tayari. Zinazobaki ni ngumu, kuna ninaowatembelea mwaka mzima wananipa kahawa tu. Nakadiria theluthi, halafu napunguza kidogo. Elfu ishirini." Kutembelea kungepanda kutoka senti kumi hadi kumi na nne kwa dola, akasema, na asije mtu Desemba kumuuliza kwa nini Trixie ameanza kula. Kwa jumla, gharama ya kampeni ingekuwa ileile ya mwaka jana, na mwisho wa mwaka zingebaki laki moja na elfu arobaini na saba na ushee. Wauguzi wa usiku wamelipwa, na zinabaki elfu saba za Lulu asiposhika mimba.

"Na hizo saa mia na hamsini," Norb aliuliza, "za vibali na mahema na wagombea makasia, nani atazifanya bure?"

Sijui nani aligeuka kwanza. Najua tu kwamba kufikia mwisho, vichwa sita vilikuwa vimeelekea kwa Gordy.

"Mimi nina mgongo," alisema Gordy.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba buya haigharimu kitu," Verna alisema. "Nina bahasha hapa."

"Nilikuwa naongelea fedha!"

"Basi hatutakupa fedha."

Kura ilipigwa. Sita waliunga mkono. Gordy alijizuia kupiga, kisha akaomba iandikwe kwamba alijizuia kwa sababu za kiafya. Nimeiandika hivyo.

Wakati wa kuvaa makoti nilimsikia Norb akimwambia mpwa wake mlangoni, "Ungeweza kuniambia nyumbani, Darlene. Jikoni, mimi na wewe."

"Ungekubali?"

Norb alifikiri huku akitafuta tundu la mkono wa koti. "Hapana," alisema. "Ningekupa bakuli la mchuzi."

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, Darlene alikuwa bandani kwa Norb saa mbili kamili, amevaa soksi tatu, ana tochi, daftari na penseli, maana wino ulikuwa ukiganda. Norb alimshikia ngazi. Hakuwa amemaliza kununa, kwa hiyo hakusema naye, isipokuwa kila baada ya dakika chache aliuliza, "Huyo yumo kwenye vitabu?" na Darlene akajibu yumo au hayumo. Tepe nyingi zilikuwa zimefifia kwa moshi na mafuta ya kuku. Hata hivyo kufikia saa tano alikuwa ameandika majina mia tatu na kumi na manane yanayosomeka, na mia moja na thelathini na moja kati ya hayo hayakuwa kwenye orodha yake yoyote. Kati ya zile nyumba kumi na sita za michango mikubwa, tatu zilikuwa ukutani kabla ya kuwa vitabuni. Darlene alikuwa akitegemea moja. Norb alikuwa akitegemea kumi na sita.

Kwenye mstari wa Bernice aliandika kwa penseli "watatu, labda zaidi," akaacha tarakimu ya senti kama ilivyokuwa. Kisha akashuka, akachukua keki kwenye kiti cha nyuma cha gari, na kwa kuwa njia ilikuwa imekwishaondolewa theluji mpaka kwa akina Baudhuin, akaenda huko. Jina lao lilikuwa ukutani kwa Norb, kwenye utepe wa mwaka 2001, lita nane. Hawakuwa wamewahi kupata hata barua moja kutoka kwetu.